Taarifa Inadai Milioni Tatu, Leja Inasema Sifuri

Mwisho wa mwezi, kampuni zinazouza kwa mkopo huwatumia wateja wao taarifa ya hesabu, ile ambayo maofisini wengi huiita stetimenti. Ni karatasi moja au mbili: ankara zilizotolewa upande mmoja, malipo yaliyopokewa upande wa pili, na chini kabisa salio. Mhasibu anayeipokea anafungua leja yake na kukuta msambazaji huyo hadai hata senti. Wapo wanaoitupa kapuni kwa kuwa wana hakika wamelipa. Wapo wanaojibu kwa mstari mmoja, "Tulishalipa, angalieni kumbukumbu zenu." Na wapo, hasa kwenye kampuni ndogo ambako bosi amechoka na simu za wadai, wanaolipa tena ili yaishe.

Wa kwanza anajiwekea ushahidi wa ukimya, wa pili anaanzisha mabishano yasiyo na mwisho, wa tatu anatoa fedha ambazo kuzirudisha ni kazi kubwa kuliko kuzitoa. Jibu linalofunga mjadala hueleza salio limetokana na nini, shilingi kwa shilingi, hata kama mwandishi anaamini kuwa halipo. Tuchukue mfano wa kubuni, ambao kila kitu ndani yake hutokea maofisini kila siku.

Kuna hoteli Tanga yenye vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki na nyama. Mashine zake zinahudumiwa na kampuni ya majokofu ya Dar es Salaam. Kati ya Machi na Aprili 2023 kampuni hiyo ilitoa ankara tatu. Ya kwanza, namba 2041 ya tarehe 13 Machi, ilikuwa ya vipuri, shilingi 2,360,000 pamoja na VAT. Ya pili, namba 2077 ya tarehe 3 Aprili, ilikuwa ya ufundi wa matengenezo, shilingi 4,720,000. Ya tatu, namba 2102 ya tarehe 20 Aprili, ilikuwa ya gesi na mota mbili za feni, shilingi 1,770,000. Hoteli ililipa mara tatu: 2,360,000 tarehe 14 Aprili, 4,520,000 tarehe 5 Mei, na 1,180,000 tarehe 22 Mei. Kwa upande wa hoteli mambo yalikwisha.

Tarehe 30 Juni ikaja taarifa inayoonyesha deni la shilingi 3,150,000. Kwa mujibu wake, ankara 2041 imelipwa yote. Zilizobaki wazi ni 2077, inayodaiwa 1,380,000, na 2102, ambayo haijalipwa kabisa, 1,770,000.

Mhasibu wa hoteli akimpigia simu karani wa madai wa Dar es Salaam, mazungumzo huenda hivi:

"Kaka, hiyo 2102 tumeilipa Mei. Ninayo karatasi ya benki mkononi."

"Hiyo fedha nimeiona, dada, wala sikatai. Imelipa 2077."

"Sasa 2077 nayo si tuliilipa milioni nne na nusu?"

"Hiyo imelipa 2041 kwanza, iliyobaki ndiyo ikaenda 2077."

Wote wawili wanasema kweli, na wanaweza kuendelea hivyo hadi salio la simu liishe. Programu nyingi za uhasibu, karani asipoziambia vinginevyo, huchukua kila malipo yanayoingia na kuyapeleka kwenye ankara kongwe iliyo wazi. Malipo moja yasipoonekana, yanayofuata yanasogea nyuma kuziba pengo lake, na pengo linaibukia kwenye ankara za mwisho. Kwa hiyo ankara inayotajwa kuwa haijalipwa mara nyingi siyo yenye tatizo. Mhasibu wa hoteli angeweza kutuma ushahidi wa malipo ya 2102 mara kumi na karani angemjibu vilevile mara kumi, kwa kuwa fedha hiyo tayari imo kwenye vitabu vyake.

Kinachotakiwa kulinganishwa, basi, ni safu ya malipo. Ankara zilizo wazi ziwekwe kando kwanza. Chukua taarifa ya msambazaji na leja yako, anza pale ambapo mara ya mwisho nyote wawili mlikubaliana kuwa salio ni sifuri, kisha weka alama kwenye kila kiasi kinachoonekana pande zote mbili. Kisichopata mwenzake ndicho cha kufuatilia. Tatizo ni kwamba taarifa nyingi huonyesha ankara zilizobaki tu, bila malipo yaliyopita. Ikiwa hivyo, ombi la kwanza kwa msambazaji liwe ni mtiririko mzima wa akaunti yako, ankara na malipo yote tangu tarehe fulani. Bila hiyo utakuwa unabishana na jumla, na jumla haina la kukueleza.

Mhasibu wetu aliomba mtiririko huo. Ankara zote tatu zilikuwamo. Malipo yalikuwa mawili tu, 4,520,000 na 1,180,000. Yale ya tarehe 14 Aprili hayakuwapo, na hapo shilingi 2,360,000 zikawa zimepata jina. Zilizobaki ni 790,000, na hizo zilijificha ndani ya malipo ambayo hayakulingana na ankara zake. Ankara ya 4,720,000 ililipwa 4,520,000, pungufu kwa 200,000. Ya 1,770,000 ililipwa 1,180,000, pungufu kwa 590,000. Salio moja, sababu tatu, na kila sababu inadai ushahidi wa namna yake.

Tuanze na malipo yaliyopotea. Kabla ya kumwambia msambazaji kuwa fedha ilifika, mhasibu anapaswa kuwa na hakika kwamba ilitoka na haikurudi. Fomu ya kuagiza malipo yenye mhuri wa benki inathibitisha tu kwamba uliagiza. Namba ya akaunti ikikosewa tarakimu moja, fedha inaweza kurudi baada ya siku kadhaa bila mtu kupiga simu, ikakaa kwenye akaunti yako kama ingizo ambalo hakuna aliyelitazama. Hundi ni hivyo hivyo: kuiandika na kuikabidhi siyo kulipa, mpaka ionekane imekatwa kwenye taarifa yako ya benki. Ndiyo maana ushahidi wenye nguvu ni ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha fedha imetoka na haikurejea, pamoja na namba ya rejea ya muamala, ambayo benki ya msambazaji inaweza kuitafutia upande wake.

Hoteli ilipotafuta ukurasa huo haikuupata. Mwenye hoteli anamiliki pia nyumba ya wageni Pangani, kampuni nyingine kabisa kisheria, na wiki ile ya Aprili akaunti ya hoteli ilikuwa kavu. Aliagiza vipuri vilipwe kwa akaunti ya nyumba ya wageni. Mhasibu akaandika kwenye leja kuwa 2041 imelipwa. Kule Dar es Salaam, karani aliona fedha imeingia kwa jina la nyumba ya wageni, ambayo nayo ni mteja wake, akaiweka kwenye akaunti ya nyumba ya wageni. Kusema haki, karani hakukosea. Aliandika alichokiona.

Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Fedha hulipwa na kampuni dada, na mkurugenzi kwa akaunti yake binafsi, au kwa simu ya meneja, na jina linalotokea upande wa pili halifanani na la mteja. Jina lisipofahamika kabisa, fedha huwekwa kwenye akaunti ya muda, ile wanayotunzia malipo yasiyo na mwenyewe. Dalili yake ni kwamba tofauti inalingana kamili na malipo mamoja, bila kuzidi wala kupungua. Ukiiona, usimwambie msambazaji "tafuteni". Mtajie tarehe, kiasi, namba ya rejea, benki, na jina la aliyelipa.

Lipo jambo moja hapa ambalo wengi hulisahau. Kampuni ya majokofu haiwezi kuhamisha fedha ya nyumba ya wageni kwenda kwa hoteli kwa sababu tu hoteli imeomba. Mwenye fedha, kwenye vitabu, ni nyumba ya wageni. Barua ya kuomba uhamisho itoke kwa nyumba ya wageni, kwenye karatasi yake, ikisainiwa na mtu wake, hata kama ni bosi yule yule. Na hoteli yenyewe irekebishe leja: kwa msambazaji hakuna deni, lakini sasa nyumba ya wageni inaidai hoteli 2,360,000.

Sababu ya pili, zile 200,000, ni kodi ya zuio. Tanzania Bara, kampuni inayomlipa mkazi ada ya huduma hukata 5% ya thamani ya huduma kabla ya VAT na kuipeleka TRA kwa niaba ya aliyetoa huduma. Ankara 2077 ilikuwa ya ufundi: huduma 4,000,000 na VAT 720,000. Asilimia 5 ya 4,000,000 ni 200,000. Kisheria kiasi hicho kinahesabiwa kuwa msambazaji amelipwa. Kinachobadilika ni kwamba amelipwa kwa njia ya TRA, na atakitumia kupunguza kodi yake ya mapato. Lakini ili akitumie anahitaji cheti cha kodi ya zuio. Asipokipata, kwenye vitabu vyake hizo 200,000 zinabaki deni, na ana haki ya kukidai cheti hicho. Ukiona salio dogo lisilotoka miezi na miezi, ligawe kwa thamani ya huduma kabla ya VAT. Likija 0.05 kamili, jibu unalo.

Kenya lipo jambo linalofanana: wanunuzi walioteuliwa na KRA huzuia pia sehemu ya VAT, 2% ya thamani ya mauzo, na msambazaji aliyesahau kuiandika hubaki na vibaki vya namna hiyo kwenye kila ankara.

Ushahidi hapa ni cheti chenyewe. Maelezo matupu kwamba mlikata hayatoshi, maana mkataji anatakiwa kuiwasilisha kodi hiyo ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa makato kwisha, na msambazaji ana sababu nzuri ya kutaka kujua kama ilifika au ilitumika kulipia dizeli ya jenereta. Kampuni iliyokata na haikupeleka haina jibu la kuandika. Ipeleke kwanza, pamoja na riba yake, kisha ndipo iandike.

Sababu ya tatu ndiyo yenye utata, na ndipo ninapomheshimu mhasibu anayejua kupunguza sauti. Mota mbili za feni zilifika zikiwa za volti zisizofaa, hoteli ikazirudisha, ikalipa ankara 2102 bila thamani yake. Kila mota ni 295,000 pamoja na VAT, zote 590,000. Msambazaji hakutoa krediti noti, ile hati ya kumpunguzia mteja deni kwa mzigo uliorudi, na bila hiyo ankara yake inabaki nzima.

Mhasibu alipotafuta karatasi za kurudisha mzigo alipata moja: mota moja, tarehe 26 Aprili, sahihi ya dereva wa msambazaji na namba ya gari. Ya pili, mtunza stoo anasema iliondoka na fundi wiki iliyofuata. Fundi hakusaini chochote. Kwa hiyo leja ya hoteli, iliyosema sifuri kwa uhakika wote ule, ilikuwa imepunguza 295,000 kwa neno la mdomo. Kuamini kuwa umelipa ni kitu kimoja. Kuweza kumwonyesha mtu asiyekujua ni kingine, na jibu lazima litenganishe hivyo viwili. Ukizichanganya mota mbili kwenye sentensi moja, msambazaji atashika ile isiyo na karatasi na kutilia shaka hata yenye karatasi.

Kuna pia suala la kodi. Ikiwa hoteli ilidai VAT yote ya 270,000 iliyo kwenye ankara 2102, sehemu ya mota zilizorudi, 45,000 kwa kila moja, haikustahili kuidai, na itabidi iirekebishe kwenye ritani yake mara krediti noti ikitoka. Kwa hiyo krediti noti inahitajika pande zote mbili.

Sasa barua. Barua za kiofisi za kwetu hupenda kuanza kwa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", na sina ugomvi na desturi hiyo, ila haimsaidii karani mwenye wateja mia tatu. Msaidie kwa tarakimu kwenye mstari wa kwanza:

YAH: TAARIFA YENU YA HESABU YA TAREHE 30 JUNI 2023

Tumepokea taarifa yenu inayoonyesha salio la shilingi 3,150,000. Tumeilinganisha na leja yetu kuanzia ankara 2041. Hatukubaliani na shilingi 2,855,000 kati ya hizo, kwa sababu zifuatazo.

Shilingi 2,360,000 zililipwa tarehe 14 Aprili 2023 kwa ajili ya ankara 2041, kutoka akaunti ya nyumba yetu ya wageni. Tunaamini mmeziingiza kwenye akaunti ya mteja huyo. Tumeambatisha taarifa ya benki yenye namba ya rejea, na barua yake ya kuwaomba mzihamishie kwetu.

Shilingi 200,000 ni kodi ya zuio kwenye ankara 2077. Cheti kimeambatishwa.

Shilingi 295,000 ni mota moja ya feni ya ankara 2102, iliyorudishwa tarehe 26 Aprili. Hati iliyosainiwa na dereva wenu imeambatishwa. Tunaomba krediti noti.

Shilingi 295,000 zilizobaki ni thamani ya mota ya pili. Kumbukumbu zetu zinaonyesha ilichukuliwa na fundi wenu, lakini hatuna hati iliyosainiwa. Tunaomba mtazame upokeaji wa stoo yenu mwezi Mei. Kwa sasa hatujalikubali wala kulikataa deni hili.

Tunaomba taarifa iliyorekebishwa ifikapo tarehe 21 Julai 2023.

Sentensi ya mwisho ya aya ile ya mota ya pili si mapambo. Tanzania na Kenya, madai ya mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka 6, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi, saa ya ukomo inaweza kuanza upya. Kwa deni la mwezi uliopita hilo halina uzito mkubwa, lakini taarifa za hesabu wakati mwingine huibua vitu vya miaka minne au mitano nyuma, na barua ya upole inayosema "tunatambua deni letu na tutalishughulikia" huweza kugharimu kuliko mwandishi alivyokusudia. Vilevile soma maandishi madogo chini ya taarifa. Nyingi husema kwamba mteja asipopinga ndani ya siku kadhaa, salio litachukuliwa kuwa sahihi. Mstari huo peke yake hauumbi deni ambalo halikuwapo, lakini mkifika kwa wakili, barua iliyotumwa mapema ni bora kuliko kueleza kwa nini mlinyamaza.

Tahadhari nyingine inahusu taarifa yenyewe. Wezi wa mitandaoni wanajua kwamba wahasibu huogopa deni la zamani, na taarifa ya hesabu yenye "akaunti yetu mpya ya benki" ni mtego wa kawaida. Namba ya akaunti ikiwa tofauti na mliyozoea, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Ile iliyo kwenye barua pepe hiyo usiiguse. Na kama fedha unayodhani umelipa ilikwenda kwenye akaunti "mpya" ya namna hiyo, msambazaji hakupata kitu, na pengine jibu lako si barua kwake bali simu kwa benki, siku hiyo hiyo.

Mwisho, usijikatie haki. Hoteli ingeweza kuchukua ankara ya Julai na kuilipa pungufu ya tofauti zote hizi ili hesabu zilingane. Ingekuwa imeongeza malipo mengine yasiyolingana na ankara, na mwezi Agosti karani angekuwa na fumbo jipya juu ya lile la zamani. Ankara mpya zilipwe kamili, kila malipo yakitaja namba ya ankara, na ugomvi wa zamani ubaki na tarakimu zake.

Taarifa iliyorekebishwa ikaja tarehe 19 Julai. Malipo ya Aprili yalikuwa yamehamishwa, cheti kimeingizwa, krediti noti ya mota moja imetolewa, na salio la hoteli lilikuwa 295,000. Stoo ya Dar es Salaam haikuwa na mota ya pili, hoteli haikuwa na sahihi, ikalipa. Siku hiyo hiyo nyumba ya wageni ya Pangani nayo ilipata taarifa. Mwezi Juni ilikuwa imechukua kidhibiti joto cha shilingi 413,000, na programu ya msambazaji ilikuwa imekilipia kimya kimya kutoka kwenye zile 2,360,000 zilizokaa pale. Zilipohamishwa kwenda hotelini, kidhibiti joto kikabaki hakijalipiwa, na leja ya nyumba ya wageni, iliyokuwa ikionyesha kwamba msambazaji ndiye anayedaiwa 1,947,000, ikabidi iandikwe upya.